Nataka kumnunulia mama Galaxy A24 iliyotumika: waranti, namba na betri nivikague vipi kabla haijapanda basi la Arua?

BintiWaArua

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu anaishi Arua, na simu yake ya sasa imechoka kiasi kwamba mazungumzo hukatika kabla hatujamaliza kusalimiana. Katika mojawapo ya majengo ya maduka ya simu hapa Kampala nimepata Samsung Galaxy A24 iliyotumika, bei yake shilingi 520,000, pamoja na kasha lake, na muuzaji ananiahidi waranti ya mwezi mmoja. Kwa fedha hizo hizo ningeweza kupata Tecno au Itel mpya yenye waranti ya kampuni, ingawa kioo chake hakipendezi kama cha Samsung, na mama macho yake yanahitaji kioo kizuri.

Muuzaji ni mtu mpole na amekubali nirudi na kuikagua simu nitakavyo kabla ya kulipa. Kwa kuwa simu ikishafika Arua itakuwa shida kuirudisha, ningependa kujua mambo matatu: waranti hiyo ya mwezi mmoja ina thamani gani, namba zinazoandikwa kwenye simu na kwenye kasha zinathibitisha nini hasa, na betri inapimwaje ikiwa haiwezi kutolewa kwa mkono.

KijanaWaTororo

Dada, jambo hili ni jepesi. Bonyeza *#06# kama unayepiga simu, namba ya IMEI inayoitambulisha simu itatokea, kisha ilinganishe na ile iliyo kwenye kasha. Zikilingana, simu ni halisi na haikuibwa. Kwa betri, bonyeza *#*#4636#*#*, fungua sehemu ya betri, na ukiona imeandikwa Good, lipa uende nyumbani. Mimi hununua simu zangu zote kwa njia hiyo na sijawahi kulia.

MzeeWaBombo

Binti yangu, mimi ni mzazi na ninazungumza kwa niaba ya wazazi. Watoto wangu walininunulia simu kubwa ya kioo, nikawa nampigia mtu kwa bahati mbaya kila niitiapo mfukoni. Sasa ninatumia kitochi cha vitufe, chaji inakaa karibu wiki nzima, na ninatuma pesa kwa *165# bila tatizo lolote. Mama yako alikuambia anataka simu ya kioo, au ni wewe unayemtakia?

BintiWaArua

Shikamoo mzee. Ni yeye mwenyewe aliyeomba, kwa sababu anataka kuwaona wajukuu wake wanapozungumza naye. Kitochi anacho tayari na ataendelea kukitumia kwa pesa.

FundiWaLuwum

Dada, nimekuwa nikifungua simu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaanza na namba, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi hujiridhisha mapema kuliko inavyostahili.

Namba ya IMEI ina tarakimu 15, na simu ya laini mbili ina namba mbili za aina hiyo. Tarakimu nane za mwanzo hutaja aina ya simu, si simu yenyewe. Maana yake ni kwamba A24 mbili za toleo moja zinaweza kuanza kwa tarakimu nane zile zile kabisa, zikaachana tu katika zile zinazofuata. Katika maduka yetu makasha matupu hurundikana, na muuzaji akikosa kasha la simu fulani huchukua kasha la simu nyingine ya aina hiyo hiyo. Mnunuzi anasoma mwanzo wa namba, anaona zinafanana, anatabasamu. Wewe soma kuanzia mwisho, ukirudi nyuma, tarakimu kwa tarakimu, kwa IMEI zote mbili.

Kisha ingia Settings, halafu About phone, na hapo utakuta namba ya modeli, namba ya siriali na IMEI kwa pamoja. IMEI ya hapo ilingane na ile iliyotokea kwa *#06#, ilingane na maandishi madogo ya mgongoni mwa simu ikiwa hayajafutika, na namba ya siriali ilingane na ya kwenye kasha. Mgongo ukisema namba moja na kioo kikasema nyingine, basi ama mfuniko umebadilishwa au ubao wa ndani umetoka kwenye simu nyingine. Mfuniko uliobadilishwa si dhambi. Ubao uliobadilishwa unaondoa kila unachodhani unakijua kuhusu historia ya simu hiyo.

Sasa kwa ndugu yangu wa Tororo: namba zikilingana zote, umethibitisha kwamba simu na kasha vilitoka kiwandani pamoja. Hujathibitisha kwamba anayeuza ndiye mwenye mali. Mwizi aliyeingia nyumbani huchukua na kasha pia.

Jambo la mwisho kwa leo, kwa kuwa ni Samsung: bonyeza *#0*#. Samsung halisi kwa kawaida hufungua ukurasa wa majaribio, ambapo unaweza kujaribu rangi za kioo, mguso, spika na mtetemo. Simu ya kuiga iliyovalishwa jina la Samsung mara nyingi haifungui chochote. Chagua jaribio la mguso na upitishe kidole kwenye kioo kizima hadi pembeni, kwa kuwa vioo vilivyobadilishwa kwa bei rahisi hufa pembeni kwanza.

MamaWaKasese

Mimi naomba nieleze yaliyonikuta, kwa sababu hakuna namba hata moja ambayo ingenionyesha. Nilimnunulia baba simu iliyotumika, nzuri, safi, namba zote sawa na kasha. Baada ya muda mfupi kioo kikajifunga na kuandika kwamba malipo yamechelewa. Kumbe mwenye simu wa kwanza aliichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, ile tunayoita mpola mpola, akaiuza kabla ya kumaliza deni. Fundi aliifuta yote, ikawaka upya, na ilipopata intaneti ikajifunga tena. Baba alidhani ameharibu kitu, akawa anaomba msamaha. Naomba mnisaidie: je, kuna njia ya kujua mapema?

FundiWaLuwum

Pole sana mama. Njia ipo, ila inahitaji muuzaji awe na subira.

Mwombe muuzaji aingie kwenye Settings na aondoe akaunti ya Google iliyomo, na ya Samsung kama ipo, mbele yako. Kisha aifute simu kutoka ndani ya Settings hiyo hiyo, si kwa kubana vitufe vya pembeni. Tofauti yake ni kubwa: simu iliyofutwa kwa vitufe ikiwa bado ina akaunti ya Google, itawaka na kumdai mnunuzi nenosiri au alama ya kufungulia ya mwenye zamani. Anayekataa kuifuta mbele yako, au anayesema ataifuta nyuma ya pazia, huenda hana nenosiri hilo.

Simu ikiwaka upya, usiruke hatua ya intaneti. Watu wengi huiruka ili kuharakisha, na hapo ndipo kufuli la mkopo linapowapita, kwa sababu simu huuliza kwenye mtandao kama ina deni au kama imesajiliwa na taasisi. Iunganishe na data yako mwenyewe, maliza hatua zote, kisha iache iwake huku ukiendelea kupima mambo mengine. Ukiona ujumbe kwamba simu ni mali ya taasisi, au programu ya mkopo ikijisakinisha yenyewe, mrudishie. Tazama pia orodha inayoitwa Device admin apps ndani ya mipangilio ya usalama. Programu ya malipo ikiwa hapo, deni huenda bado lipo, hata kama leo simu haijafungwa kwa sababu mwenyewe bado analipa.

WakiliJinja

Naomba niongeze upande wa karatasi, maana hii "waranti ya mwezi mmoja" ya mdomo ndiyo inayonisumbua.

Waranti ya kampuni na waranti ya kibanda ni vitu viwili. Ya kampuni huhesabiwa tangu simu iliponunuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo kwa simu iliyotumika inaweza kuwa imebaki kidogo au imekwisha, na kituo cha huduma kitataka risiti ya mwanzo. Ya kibanda ni ahadi ya mtu mmoja, na thamani yake ni ile iliyoandikwa na kutiwa saini.

Bei yako ni shilingi 520,000. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi vipimo 25 vya sarafu uwe wa maandishi, na kila kipimo ni shilingi 20,000, yaani mpaka ni shilingi 500,000. Wewe umeuvuka. Sheria hiyo inatambua maandishi ya kielektroniki pia, lakini kwa duka la namna hii mimi ningependelea karatasi. Iandikwe jina la muuzaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa, IMEI zote mbili, namba ya siriali, bei, tarehe, na maelezo ya waranti yanayojibu maswali haya: inagusa kioo na betri au hapana; simu ikiharibika atatengeneza, atabadilisha au atarudisha fedha; na nani atalipa gharama ya kuileta kutoka Arua. Neno "waranti" pekee kwenye risiti halijibu hata moja.

Ukilipa kwa simu, soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba yako ya siri. Likitofautiana na jina la kwenye risiti, uliza sababu kabla fedha hazijaondoka.

FundiWaLuwum

Wakili, ninakuheshimu, ila katika majengo yetu haya kibanda hubadilisha mmiliki kabla wino haujakauka. Afadhali siku mbili za kuijaribu nyumbani kwa maandishi kuliko mwezi wa ahadi.

WakiliJinja

Siku mbili zinafaa kwa kasoro inayoonekana mara moja. Betri na ubao vinaweza kusubiri wiki tatu. Mimi ningeomba vyote viwili.

BintiWaArua

Asanteni sana. Leo nimekwenda kuikagua. Namba za *#06# na za About phone zinalingana, na mgongoni pia. Kwenye kasha, tarakimu nane za mwanzo ni sawa kabisa, lakini mwisho wake unatofautiana, kwenye simu ni 4417 na kwenye kasha ni 9082. Namba ya siriali nayo haifanani. Muuzaji alicheka akasema "makasha yamechanganyika", akatafuta lingine bila mafanikio. Modeli ni SM-A245F, na *#0*# imefunguka. Ndani ya Software information kuna mstari mrefu wa herufi ambamo nimeona XSG.

Aliifuta mbele yangu bila kusita, nikaiunganisha na data yangu, haikuuliza akaunti ya mtu na hakuna programu ya mkopo iliyojitokeza. Je, kasha hilo linatosha kunifanya niiache?

KijanaWaTororo

Iache. Kasha si lake, simu ni ya wizi.

FundiWaLuwum

Kasha lisilo lake si ushahidi wa wizi, wala lililo lake si ushahidi wa uhalali. Linalobadilika ni hili: kasha hilo halina kazi tena, na kadi yoyote ya waranti iliyomo ni ya simu nyingine, kwa hiyo usiihesabu katika bei. Mwambie aliondoe, na kwenye risiti ziandikwe namba za simu yenyewe, zilizonakiliwa kutoka kwenye kioo.

Hizo herufi XSG zinaonyesha kwamba programu ya simu hiyo ni ya soko la Falme za Kiarabu. Simu nyingi za hapa zimepitia Dubai, na hazina ubaya kwa hilo, ila waranti ya Samsung kwa kawaida hufuata nchi au eneo ambako simu iliuzwa. Hata kama ingebaki na miezi kadhaa, usitegemee kituo cha Kampala kiiheshimu. Kwa hiyo kwa simu hii hesabu waranti ya kampuni kuwa sifuri. Kwa simu mpya ya Tecno, Infinix au Itel mambo ni mepesi zaidi: wanaohudumia ni Carlcare, na IMEI ukiiingiza kwenye programu yao inakuonyesha kama waranti ipo. Fanya hivyo dukani hata kwa simu iliyofungwa, kwa sababu simu inayouzwa kama mpya huku waranti yake ilikwisha kuanza kuhesabiwa, iliwahi kuwashwa na mtu mwingine. Soma pia muda wa betri na chaja peke yake kwenye kadi, maana mara nyingi ni mfupi kuliko wa simu.

Kuhusu swali la mwenye mali, namba hazitakusaidia zaidi ya hapo. Kinachobaki ni kitambulisho cha muuzaji na maelezo yake ya alikoipata. Akisita kutoa kitambulisho, hapo mimi ningekubaliana na kijana.

Sasa betri. Ile Good ya *#*#4636#*#* ina maana kwamba betri haijapata joto au volteji ya kupita kiasi na haijafa. Haisemi lolote kuhusu kiasi cha umeme inachoweza kubeba, na simu nyingi siku hizi hata hazina sehemu hiyo. Nimewahi kuona Good kwenye betri iliyokuwa inasukuma mfuniko kwa kuvimba. Programu ya Samsung Members ina ukaguzi wa betri ulio bora kidogo, lakini nao hutoa neno badala ya kipimo: ikisema betri ni mbaya iamini, ikisema ni nzuri endelea kupima.

Dukani fanya haya. Laza simu kwa mgongo juu ya kioo cha kaunta na uibonyeze kona kwa kona. Ikiyumba, au ukiona mwanya kati ya mfuniko na fremu, usiendelee. Kisha weka mwanga wote, cheza video kwa nusu saa, na utazame asilimia zinavyoshuka. Mimi hupata shaka zikipungua zaidi ya kumi, na shaka kubwa zaidi zikishuka kwa kuruka, mfano kutoka 41 hadi 35 kwa mara moja. Betri iliyochoka huficha udhaifu wake ikiwa imejaa, kwa hiyo ni bora kuipima ikiwa chini ya nusu. Muuzaji anayekupa simu ikiwa kwenye chaja kila unapofika, mwombe aichomoe.

Nyumbani, katika zile siku mbili, sakinisha programu ya AccuBattery, ichaji simu kutoka kama 20 hadi 80 kioo kikiwa kimezimwa, na usome ni miliampea-saa ngapi zimeingia. A24 ilitoka kiwandani na betri ya 5,000.

BintiWaArua

Nimeichukua jana kwa masharti ya kurudisha ndani ya siku mbili, yameandikwa, na nakala ya kitambulisho ninayo. Jina lilifanana na lile lililojitokeza kwenye malipo. Ameondoa kasha na kupunguza bei hadi 490,000. Video ya nusu saa ilikula asilimia saba, haikuruka.

Usiku nimeichaji kutoka 22 hadi 82, na programu inasema zimeingia 2,460. Hesabu nimeifanya hivi: asilimia 60 ni 2,460, kwa hiyo mia ni 4,100, na 4,100 kwa 5,000 ni asilimia 82. Je, ni sawa?

FundiWaLuwum

Hesabu ni sawa. Kipimo kimoja kinaweza kukosea kwa asilimia kadhaa juu au chini, kwa sababu asilimia hizo 22 na 82 ni makadirio ya simu yenyewe, kwa hiyo rudia leo usiku na uone kama utaangukia karibu na hapo. Ukipata 79 au 85 usishangae. Ukipata 65, kimojawapo kina kasoro, na ningetilia shaka kwanza kipimo.

Kwa mama anayepiga simu na kuzungumza na wajukuu jioni, betri ya asilimia 82 itamfikisha usiku. Isipokuwa, na hili sijui kwenu likoje, mahali penye mtandao hafifu simu hupaza nguvu ya mawimbi muda wote na kula betri haraka kuliko hapa Kampala.

BintiWaArua

Kijijini kwake mtandao ni wa kupanda kilima.

KijanaWaTororo

Basi bado nasema Tecno mpya. Betri mpya ya 5,000 na waranti ya kweli, kioo atakizoea.

MamaWaKasese

Mimi ningechukua Samsung na kubadilisha betri mwakani kwa fundi anayeaminika, maana waranti ya kampuni haipo ya kuharibika hata ikifunguliwa.

FundiWaLuwum

Mama amesema kweli, kwa sharti kwamba fundi arudishe gundi vizuri, na betri isiwe ile ya jina kubwa na uzito mdogo. Ila mwezi wa kibanda ukiwa umeandikwa, usiifungue kabla haujaisha, kwa maana hilo ndilo la kwanza watakalolitazama.

MzeeWaBombo

Na chaja je? Simu ilikuja na chaja yake, au mtampa mama ile ya zamani ya kitochi?

BintiWaArua

Haikuja na chaja, mzee. Nimechajia kwa ya kwangu. Nitarudia kipimo leo kwa chaja nitakayomnunulia, ili nijue ni hiyo hiyo itakayokwenda naye.